Wanataka mume na watoto kwenye wasifu wangu, mimi nataka kuwaacha nyumbani

Mwalimu, salamu.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu hapa Nairobi, nina kampuni yangu ndogo. Kazi yangu kubwa ni vyama vya akiba na mikopo, na miaka ya karibuni huitwa pia kuchunguza pesa zinapopotea. Mwaka jana, baada ya ripoti yangu moja, mweka hazina wa chama fulani alifutwa kazi. Wiki mbili baadaye nilipigiwa simu na mtu asiyejitaja. Alisema tu, "Wasalimie mapacha," akataja na shule yao. Tangu siku hiyo nafunga mlango, kisha narudi kuhakikisha nimeufunga.

Sasa nimealikwa kuzungumza kwenye kongamano la vyama vya ushirika. Waandalizi wanataka wasifu wa maneno 150 na picha, wauchape kwenye kijitabu na kuuweka kwenye tovuti. Niliwatumia mistari mitatu, wakanijibu kwamba umekauka, haumtambulishi mtu. Wakanipa mfano wa mzungumzaji mwingine: kijiji alikozaliwa, mke, watoto wanne, kanisa. Nikaandika wa pili kwa kuiga huo, lakini kidole kinakataa kubonyeza. Mume wangu anasema niukatae mwaliko. Sitaki, kwa sababu wateja hunijia kupitia majukwaa kama hayo. Nimekuambatishia rasimu, picha, na orodha ya kazi nilizofanya. Niseme nini, ninyamazie nini?

Mkaguzi, Nairobi

*

Dada, kidole chako kina akili. Usibonyeze.

Tuanze na ile simu, maana haingoji wasifu. Kama hukuipeleka polisi, ipeleke wiki hii, iandikwe kwenye daftari la matukio, na usiondoke kituoni bila namba ya OB. Nenda na tarehe, saa, namba iliyopiga na maneno yenyewe kama yalivyosemwa. Ukitoka hapo pitia shuleni, mkubaliane kwa maandishi ni nani na nani tu wanaoruhusiwa kuwachukua watoto. Nasema haya kwa sababu wasifu hauwezi kumzuia mtu ambaye tayari anakujua. Unachoweza ni kutowapa wengine mia tatu wa ukumbini, na maelfu wa mtandaoni, yale ambayo huyo mmoja aliyahangaikia.

Sasa rasimu. Nimeihesabu: ina sentensi kumi. Saba zinazungumzia nyumbani, tatu kazini. Zile saba ziko wazi kabisa: kijiji, shule ya msingi, kazi ya mume na mahali anapofanyia, kifungua mimba aliye sekondari ya bweni, mapacha na shule yao, mtaa mnaoishi, kwaya unayoimba ibada ya saa tatu, na mbio zako za Jumamosi alfajiri msitu wa Karura, hadi lango unaloingilia. Zile tatu za kazi zinasema una "tajriba kubwa", umefanya kazi na "mashirika mbalimbali", na "unajituma". Kwa maneno mengine, nyumbani umejivua na kazini umejitanda buibui. Kwa mtu anayetaka wateja na hataki wageni mlangoni, mambo yamegeuka juu chini.

Nilifanya jambo moja ambalo naomba uniwie radhi. Nilichukua simu yangu na kikombe cha chai, nikajifanya mimi ndiye yule mweka hazina, na sikuwa na kitu kingine ila rasimu yako. Nilianza na kwaya. Kanisa lako lina ukurasa wa Facebook ulio wazi kwa kila mtu, na kwaya zake hupigwa picha kila sikukuu. Nikakuona mstari wa pili, kwa kuwa nilikuwa na picha yako. Kwenye picha nyingine ya siku hiyohiyo umesimama nje na watoto wawili wanaofanana, wamevaa masweta yenye nembo. Nembo ile nikailinganisha na shule uliyoitaja. Tovuti ya shule inaonyesha mabasi yake na njia yanazopita, na njia mojawapo inapita mtaa uliouandika. Chai ilikuwa ingali na moto. Sikuvunja nenosiri la mtu wala sikumhonga askari wa lango.

Unaona lililotokea. Hakuna sentensi hata moja kati ya zile saba ambayo peke yake ingekudhuru. Waimbaji wa kwaya Nairobi ni wengi kuliko matatu. Lakini kila sentensi ilipunguza watu, na ya pili ikapunguza waliobaki, hadi nikabaki na wewe, lango lako na saa ya basi. Ndiyo maana swali la kujiuliza juu ya kila jambo si kama ni siri. Mengi yetu si siri. Majirani wanayajua, na fundi wa bomba anayajua. Jiulize mambo mawili. Je, hili linamwambia mtu nitakuwa wapi, saa ngapi? Na je, hili linamwonyesha mtu ambaye kupitia kwake naweza kushikwa? Likijibu ndiyo kwa mojawapo, libaki nyumbani.

Ukilichuja kwa maswali hayo, utaona kwamba mazoea ni hatari kuliko matukio. "Hukimbia Karura kila Jumamosi alfajiri" ni miadi uliyomwekea mtu usiyemjua. Lakini "amepanda Mlima Kenya hadi Point Lenana mara mbili", jambo uliloliandika kwa herufi ndogo chini ya orodha yako kana kwamba unaona haya, limekwisha kupita. Anayekutafuta hatakukuta huko, ila awe na pumzi za kufika mita 4,985. Kwa hiyo kila kitenzi chenye "hu-" kinachohusu maisha yako nje ya kazi ukitilie shaka. Chenye "-me-" mara nyingi kinaweza kupita.

Mahali pia pana ngazi zake. "Nairobi" iache, na usiiogope. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4 katika jiji hili, na umo miongoni mwao kama punje ya mchele gunia zima. Ukitaja mtaa, unashuka hadi nyumba mia kadhaa. Ukitaja mtaa na kazi ya mume, umeshuka hadi nyumba moja, maana askari wa lango anajua ni nani mhandisi. Kijiji cha kuzaliwa nacho kitoe. Najua kwetu mtu akisimama jukwaani watu hunong'onezana "nyumbani kwao ni wapi?", na kwamba majina yetu hujibu nusu ya swali hilo kabla hatujafungua mdomo. Waache wajibiwe na jina. Kijiji chako kina mama yako mzee, naye hakualikwa kuzungumza kwenye kongamano lolote.

Chuo kikuu kiache, kwa kuwa ni sehemu ya sifa zako na maelfu wamepita humo. Shule ya msingi haimwongezei msikilizaji imani yoyote kuhusu uwezo wako wa kusoma daftari la mikopo, bali inampeleka moja kwa moja kijijini.

Haya, tumetoa sentensi saba. Hofu yako, naijua, ni kwamba tumerudi kwenye ile mistari mitatu iliyokauka. Lakini mistari ile haikukauka kwa kukosa watoto. Ilikauka kwa sababu haikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kukishika na kukihakikisha. Futa jina lako juu yake, weka la daktari wa meno au mwuza bima, nayo itamkaa vilevile. Waandalizi waliona pengo, wakadhani linajazwa na familia, kwa sababu ndivyo wasifu wa mjini hapa huandikwa. Wewe lijaze na kazi.

Katika fani yako kuna jambo ambalo watu wengi wa nje hawalijui, nawe hukuliandika kabisa. Kufaulu mitihani ya uhasibu ya CPA, inayotolewa na KASNEB, ni kitu kimoja. Kuwa mwanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, ni cha pili. Kuwa na cheti cha kuendesha kazi ya ukaguzi, kile kinachokuruhusu kutia sahihi ripoti ya ukaguzi kwa jina lako, ni cha tatu, na si kila mwenye CPA(K) baada ya jina anacho. Wewe unacho. Sentensi moja ya kusema hivyo ina uzito kuliko mistari mitano ya tajriba, kwa kuwa mwenyekiti wa chama anaweza kuuliza ICPAK akahakikisha hata kabla hujapanda jukwaani. Namba yako ya uanachama haihitajiki hapo; jina linatosha. Na namba ya kitambulisho na PIN ya KRA, ambazo umezoea kuzijaza kwenye zabuni, zikae kwenye faili za zabuni zisikanyage kijitabu cha kongamano.

Kitu cha pili cha kushika ni hesabu. Kwenye orodha yako kuna vyama 31 ulivyokagua na chunguzi tisa za ulaghai. Kwa nini ulisema "mashirika mbalimbali"? Nadhani uliogopa kutaja wateja, na hapo ulikuwa sahihi, kwa kuwa kanuni za maadili za wahasibu zinakutaka utunze siri za mteja, usizitoe bila idhini yake. Lakini kumficha mteja si kuficha kazi. Taja idadi, ukubwa na aina, acha jina. Ila kuna mtego mmoja: usiunganishe aina na mahali. Ukisema "chama kikubwa cha walimu" na ukataja kaunti, umeshamtaja mteja, maana vyama vya namna hiyo katika kaunti moja vinahesabika kwa vidole. Sema ukubwa, au sekta, au eneo. Usiseme yote matatu kwa pumzi moja. Na kwa ajili yako hasa, usitaje mwaka wa uchunguzi wowote. Mweka hazina aliyefutwa mwaka jana akisoma "mwaka jana aliongoza uchunguzi", atajiona kwenye kioo, na wenzake watamwona pia.

Kitu cha tatu ndicho kinachoondoa ukavu. Mpe msomaji jambo moja unalolijua kwa sababu ulikaa na vitabu vile usiku. Kwenye orodha umeandika, kwa mabano, kwamba katika chunguzi zako nyingi pesa zilitoka kupitia mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanachama waliofariki au waliostaafu. Dada, hilo ndilo jambo lenyewe! Kila mjumbe wa kamati atakayelisoma atainua kichwa na kujiuliza, "Kwetu je?" Halimtaji mtu, halikitaji chama, kwa sababu ni ujanja unaojirudia kwingi. Lakini linasema kwamba wewe umeuona kwa macho, hukuusoma tu.

Nimekuandikia upya. Pale penye nukta weka jina lako, majina mawili yale unayotumia kazini. La tatu si lazima.

"… , CPA(K), CFE, ni mkaguzi wa hesabu na mchunguzi wa ulaghai jijini Nairobi. Ni mwanachama wa ICPAK tangu 2009 na ana cheti cha taasisi hiyo cha kuendesha kazi ya ukaguzi. Amekagua vyama 31 vya akiba na mikopo, kuanzia vyenye wanachama mia chache hadi kimoja chenye zaidi ya 20,000. Ameongoza chunguzi tisa za ulaghai, na katika nyingi kati ya hizo pesa zilitoka kupitia mikopo iliyoandikwa kwa majina ya wanachama waliofariki au kustaafu. Hufundisha kamati za usimamizi kusoma daftari la mikopo zenyewe, bila kumngoja meneja azifafanulie. Ana shahada ya uzamili katika masuala ya fedha kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Amepanda Mlima Kenya hadi Point Lenana mara mbili, na anasema mara ya pili hakulia."

Ni chini ya maneno 150, na nafasi iliyobaki usiijaze. Angalia kwamba kuna "hu-" moja tu, nayo ni ya kazi. Mwaka 2009 umebaki kwa sababu unathibitika na unaonyesha umekaa kwenye fani. Mwaka wa kuzaliwa na wa kumaliza shule umeondoka. Nimeacha Point Lenana mwisho ili waandalizi wapate ule ubinadamu wanaoutafuta. Kile kicheko ni chako, ulikiandika mwenyewe kwenye barua pepe. Kama utaona haya mbele ya wenyeviti, toa maneno sita ya mwisho.

Utaniuliza kama huwezi angalau kusema "ni mke na mama". Unaweza. Maneno hayo bila idadi, bila majina na bila umri hayampeleki mtu popote. Mimi nisingeyaweka, kwa sababu katika hali yako hayamsaidii msomaji kuamua kama akusikilize juu ya mikopo hewa, na kwa sababu ni mlango: anayekutambulisha akiyaona ataongeza yake. Lakini hilo ni la ladha, na mwenye wasifu ni wewe.

Na hapo ndipo tunapofika kwa mshereheshaji, ambaye namwogopa kuliko tovuti. Unaweza kuandika wasifu safi kama kanzu ya Ijumaa, kisha mshereheshaji wa Nairobi akashika kipaza sauti na kusema, "Huyu dada namjua, ni jirani yetu kule…" Au atakuita Mama Fulani, kwa heshima kabisa, na jina la mtoto limetoka ukumbini na kwenye video. Usimwachie ule wasifu wa kijitabu aufupishe mwenyewe. Mwandikie sentensi mbili za kusoma, mpigie simu siku moja kabla, umwambie: "Kaka, nitambulishe kwa haya tu, kazi yangu ya uchunguzi ina watu wasionipenda." Washereheshaji ni watu wa kuelewa ukiwaambia sababu, wanaokosea ni wale walioachiwa nafasi tupu. Akiteleza hata hivyo, usimsahihishe jukwaani, kwa kuwa utalikoleza. Salimia, anza mada yako, na baadaye waombe waandalizi wakate sehemu hiyo kwenye rekodi kabla haijapandishwa mtandaoni.

Hilo la Mama Fulani lina mzizi mwingine. Namba uliyoiweka chini ya rasimu, nilipoihifadhi kwenye simu, WhatsApp ilinionyesha picha ya watoto wawili na jina "Mama" likifuatiwa na jina la mmoja wao. Namba hiyohiyo ukiitia kwenye M-Pesa kana kwamba unamtumia mtu pesa, jina la mwenye laini hujitokeza kabla ya kuthibitisha. Kwa hiyo namba ya nyumbani isiende kwenye kijitabu. Nunua laini ya pili ya kazi, picha yake iwe nembo ya kampuni, au weka barua pepe ya kampuni peke yake. Mteja wa dhati ataandika. Kama ofisi yako ni chumba cha nyuma ya nyumba, kama zilivyo ofisi nyingi za wakaguzi wadogo, anwani ni sanduku la posta tu, na uangalie kama kampuni haijapigiwa alama kwenye Google Maps juu ya paa lako.

Picha uliyoniambatishia ni nzuri, umetabasamu vizuri, lakini nyuma yako kuna lango, na kwenye nguzo ya lango kuna namba ya nyumba. Upande wa kushoto kuna gari na namba zake zote. Isitumike hata ikikatwa, maana picha iliyokatwa leo, kesho mtu wa usanifu wa kijitabu anaomba ile nzima. Piga nyingine mbele ya ukuta mtupu ofisini. Na unapoituma, kumbuka kwamba simu nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida maelezo hayo huondolewa. Ukiituma kama waraka, ili isipoteze ubora, yanaweza kwenda nayo. Kwa hiyo zima utambuzi wa mahali kwenye kamera kabla ya kupiga. Kwenye faili ya Word nenda File, kisha Info, kisha Check for Issues, kisha Inspect Document. Itakuonyesha jina la mwandishi na maoni yaliyobaki. Kwenye yako nilikuta maoni ya mume wako pembeni ya sentensi ya nne, na jina lake kamili juu yake. Alikuwa ameandika, "Hii lazima?" Alikuwa sahihi.

Waandalizi wakirudi na lile neno "umekauka", usianze kujitetea. Una sheria upande wako, na ni vizuri uijue hata kama hutaitaja. Ibara ya 31 ya Katiba inampa kila mtu haki ya habari za familia yake au mambo yake ya faragha zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo sababu ya lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imekwenda mbali zaidi. Inapotaja data nyeti, kundi lilelile lenye hali ya afya na imani ya mtu, imeweka humo hali ya ndoa, mali, na mambo ya familia pamoja na majina ya watoto, wazazi na mwenzi. Wengi hudhani data nyeti ni alama za vidole tu. Katika sheria ya Kenya, ile sentensi ya "ameolewa na… wamejaliwa…" iliyomo kwenye kila kijitabu cha kongamano ni data nyeti. Si kosa kuitoa mwenyewe kwa hiari yako. Lakini hakuna mwandalizi wa kukulazimisha.

Waandikie hivi, kwa upole: "Asanteni kwa maoni. Nimeongeza mifano ya kazi, kama mlivyoshauri. Kwa sababu za kiusalama zinazotokana na kazi ya uchunguzi sitoi habari za familia wala makazi. Tafadhali tumieni maandishi haya na picha hii tu, na mfute rasimu ya awali niliyowatumia." Sijui kama ile ya pili uliituma kwa bahati mbaya, barua yako inasema hapana, rekodi ya barua pepe uliyonisambazia inaonyesha kiambatisho. Angalia. Kama ilikwenda, sheria hiyohiyo inakuruhusu kudai data iliyozidi mahitaji ifutwe, na wakikataa unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Ukurasa wa kanisa nao usiusahau. Huko hakuhitaji sheria, kunahitaji simu kwa kijana anayeusimamia. Mwombe aondoe ile picha ya nje na nyingine zozote zenye watoto wako, na umkubalie ile ya kwaya ibaki. Mwambie pia asiandike majina ya watoto wa mtu yeyote bila mzazi kuulizwa. Sheria inataka idhini ya mzazi kwa data ya mtoto, na nadhani hajawahi kuambiwa.

Ukimaliza yote, tafuta jina lako mtandaoni ukiliweka ndani ya alama za kunukuu, kisha tena pamoja na jina la mtaa, kisha pamoja na shule. Fanya hivyo kwa simu ya mtu mwingine, maana yako imeshakuzoea na hukuonyesha unayotaka. Rudia wiki moja baada ya kongamano, kijitabu kitakapokuwa kimepandishwa.

Mwambie mume aje ukumbini, akae nyuma kama msikilizaji mwingine. Na ile picha ya lango nimeifuta kwenye barua pepe yangu, pamoja na rasimu.

Mwalimu